Mahari ya Lori la Mwezi kwa Mwezi

Mimi ni mwenye wivu. Nasema mwenyewe mapema, kabla hamjaambiwa na watu, maana mtaa mzima wa Mtendeni unajua na midomo wanayo. Wengine husema wivu ni ugonjwa wa wanawake wajinga. Thubutu! Mimi sikuwa mjinga. Nilijua kusoma, nilijua bei ya gunia la karanga pale stesheni ya Tabora kuliko madalali, na nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi ya lori la mume wangu, kitu ambacho mume wangu mwenyewe hakukijua, au alikijua akakisahau makusudi. Ningekuwa mjinga haya yote yasingetokea.

Ilikuwa bado wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa dereva wa kuajiriwa, akiendesha lori la Mgiriki mmoja. Alikuwa akibeba karanga, mpunga, asali na nta kutoka vijijini kuleta stesheni, na kurudi na chumvi, nguo na mafuta ya taa. Alikuwa dereva hodari, hilo simnyimi. Kila jioni aliporudi alikuwa na wimbo mmoja tu: "Siku nikiwa na langu. Siku nikiwa na langu." Mpaka nikamwambia, "Basi litafute hilo lako, maana mimi masikio yameniuma."

Njia zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja Mwarabu, mfanyabiashara wa tangu zamani hapo mjini, aliyekuwa akifahamiana na marehemu baba yangu. Alikuwa tayari kutukopesha fedha taslimu. Tuzichukue, tukanunue lori popote tunapotaka, kadi ya gari iandikwe jina la mume wangu, na lori liwe lake tangu siku hiyo hiyo. Yeye mzee atabaki anadai fedha zake tu. Lakini alitaka rehani, na rehani yenyewe ni nyumba ya Mtendeni. Ile nyumba haikuwa ya mume wangu. Ilikuwa yangu, nimeachiwa na baba yangu, vyumba vinne na uani kisima.

Mzee alitueleza waziwazi, kibarazani kwake, kahawa mkononi. "Lori sitaligusa. Lori ni lenu, mkitaka liuzeni, mkitaka lichomeni moto. Mimi deni langu liko palepale. Msiponilipa nitakwenda bomani, na bomani wataniuzia nyumba."

Mume wangu akanitazama kwa macho ya kuomba. Mimi nikatazama kahawa. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Nyumba ya baba yangu haiingii rehani. Nimesema."

Njia ya pili ilikuwa ya duka la magari la Mhindi mmoja, barabara ya stesheni. Wazungu walikuwa na jina lao la Kiingereza kwa biashara ile, karani alituambia ni kukodi huku unanunua, sisi wengine tulisema gari la mwezi kwa mwezi. Unatoa theluthi ya bei kwanza. Iliyobaki unalipa kila mwezi, kwetu ilikuwa miezi kumi na minane. Unapewa lori unaondoka nalo siku hiyo, unatia mizigo, unapata faida yako. Nyumba haitakwi. Shamba halitakwi.

Theluthi ilipatikanaje? Akiba ya mume wangu ilifika nusu yake. Nusu ya pili nilitoa mimi, bangili za dhahabu za mama yangu, nne, nzito, mama alizivaa mpaka siku ya kufa kwake. Nilizivua mkononi kwangu na sabuni. Sonara akaziweka kwenye mizani yake ndogo, akasema bei, nikasema ongeza, akaongeza kidogo. Nilirudi nyumbani mkono mwepesi, nikawa nikiusugua kama umeteguka.

Siku ya kutia sahihi nilikwenda. Mume wangu hakutaka. "Mwanamke atafanya nini huko?" Nikamwambia, "Bangili zangu zinakwenda, na mimi nakwenda." Karani wa duka alikuwa Mzaramo kutoka pwani, mtu wa makamo mwenye miwani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani, kwa hiyo hakuniamkia vizuri hata kidogo. "Karibuni wapagazi," akasema. "Leo mmechoka kubeba kichwani?" Nikamwambia, "Tumechoka kukubeba wewe." Akacheka, akatuletea viti.

Mume wangu alitaka kutia sahihi papo hapo. Nikasema, kwanza tusomewe, kwa Kiswahili, polepole. Yule karani akasoma, na mimi nikasikiliza kama mtu anayesikiliza wosia.

Lori ni mali ya duka. Kadi ya gari ina jina la duka. Mume wangu ni mkodishwaji, amepanga tu, hata kama analala ndani yake. Anatakiwa alikatie bima, alitunze, asiliuze, asiliweke rehani, asimpe mtu mwingine kwa njia yoyote. Akikosa kulipa, au akivunja sharti, duka linachukua lori lake, na vyote alivyokwisha kulipa vinahesabiwa kuwa ni kodi ya kulitumia, havirudi. Akimaliza mwezi wa kumi na nane, anatoa shilingi kumi za mwisho, ndizo za kununulia hasa. Hapo ndipo kadi inabadilishwa jina.

"Kwa hiyo mpaka shilingi kumi za mwisho ni la nani?" nikauliza.

"La tajiri," akasema karani.

"Hata ikibaki shilingi moja?"

"Hata ikibaki senti, mpagazi wangu."

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi kweli. Alitembea njia ile ya misafara kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, pembe begani. Mpaka anakufa alikuwa akisimulia "pembe langu", "siku nilipovuka mto na pembe langu", na bibi yetu alikuwa akimjibu kutoka jikoni, "Pembe lako liko wapi basi?" Nilimkumbuka siku ile, nikacheka peke yangu. Mume wangu akadhani nacheka kwa furaha ya lori, naye akacheka, akatia sahihi.

Na furaha ilikuwepo, jamani, nisidanganye. Lilikuwa na rangi ya kijani. Lilipoingia Mtendeni mara ya kwanza watu walitoka nje kama kuna harusi. Watoto wa mtaa wakaniita Mama Lori. Nilikuwa naliosha mwenyewe, kanga nimeifunga kiunoni, na jirani yangu mmoja akipita nalisugua zaidi. Mume wangu akawa anapeleka mizigo Sikonge, Urambo, Ulyankulu, mara nyingine haonekani siku tano. Kila mwisho wa mwezi alinipa fedha, nami nikazipeleka dukani kwa karani, akapiga mhuri kwenye kadi ya malipo, tukataniana, nikarudi. Ile kadi niliiweka kwenye kisanduku zilimokuwa bangili.

Mwaka mmoja ulipita hivyo. Mume wangu akanenepa shingo. Akanunua saa. Akaanza kusema "lori langu" kwa sauti ya kusikika barazani. Leseni ya udereva ina jina lake, leseni ya kubebea mizigo ina jina lake, bima ina jina lake, basi akaona yote ni yake. Mimi nilinyamaza. Mwanamume mwache ajisikie.

Halafu akaja kuniambia ameposa.

Aliniambia nikiwa nachambua mchele. Akasimama mlangoni, hakukaa. Binti wa mfanyabiashara wa nguo, upande wa Kitete. Nikauliza, "Wa ngapi yule? Yule mwembamba?" Akasema, "Yule." Nikaendelea kuchambua mchele. Nilitoa mawe, nikatoa na mchele wenyewe, mpaka ungo ukabaki mtupu. Moyo ulikuwa unawaka. Msiniambie habari ya subira, mtu asiyeletewa mke mwenza hana la kunifundisha.

Baba wa yule binti alikuwa mtu wa hesabu. Alisema, na maneno yake yakanifikia kabla ya jioni: "Mke wa pili hupewa maneno matamu. Mimi binti yangu hawezi kuolewa kwa maneno. Nataka mahari inayoonekana kwa macho." Akaulizwa ipi. Akasema, "Lile lori."

Nilicheka. Nilidhani mume wangu atakataa. Hakukataa! Alipoulizwa na shangazi yake kwa nini, akasema: "Kwani kuna tofauti gani? Nitaliendesha mimi yuleyule, faida italisha nyumba zote mbili. Ni jina tu."

Jina tu! Na hilo jina lenyewe hakuwa nalo.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, wala si kwingine. Nilijua. Katika watu wote wa harusi ile ni mimi peke yangu niliyejua, kwa kichwa changu, neno kwa neno, kwamba lile lori si la mume wangu na hawezi kumpa mtu. Ningemwita pembeni mwalimu wa kufungisha ndoa, nikamwambia maneno mawili, angebadilisha mahari pale pale, wakaandika kitu kingine, mambo yakaisha. Sikusema. Nilitaka wamwozeshe kwanza. Nilitaka yule mwembamba ajione ameolewa na lori, ajivune, apande juu, ndipo nije nimvute chini mbele ya watu. Huo ndio wivu wangu ulivyokuwa, nimeusema.

Tena nilikwenda harusini. Nilipika pilau. Niliitia chumvi sawasawa, wasije wakapata la kusema. Wanawake wakanisifu: "Mke mkubwa ana moyo!" Tukiwa nyuma ya pazia tukasikia mwalimu akiuliza mahari ni nini. Mume wangu akajibu, "Lori langu." Mwalimu, mtu makini, akauliza tena, "Ni mali yako? Huru, haina mtu?" Mume wangu akasema, "Mali yangu." Mashahidi wakaitikia. Mimi nikapiga vigelegele. Ndiyo, mimi. Nilipiga mpaka bi harusi akageuka kunitazama, macho yamejaa machozi, akidhani nimemkubali.

Basi nikaanza kuvuna nilichopanda. Yule bi harusi hakuwa na kiburi cha maneno, hilo nalo nilikataa kuliona. Alikuwa akiniamkia: "Shikamoo, dada." Mimi nikiitikia "marahaba" kwa meno. Lakini kila kitu alichofanya kilinichoma. Alifuma kitambaa cha kiti cha mbele cha lori, cha maua mekundu. Akashona mto wa kuegemea. Alikuwa akipanda mbele pale nilipokuwa nikipanda mimi, na mume wangu akimfungulia mlango. Mimi sikuwahi kufunguliwa mlango wa lori. Mimi nililiosha.

Halafu baba yake akamleta mchoraji. Siku moja nimekaa barazani, naona lori linakuja, juu ya kioo limeandikwa kwa herufi nyeupe zenye kivuli cheusi: CHANGU NI CHANGU.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nililia kwa hasira mpaka binti yangu akaniletea maji, nikayamwaga.

Na malipo je? Malipo yaliendelea kupitia mkononi mwangu. Mume wangu kwa mazoea alinipa fedha kila mwezi, "Peleka dukani," naye hakufikiri mara mbili. Nazifunga kwenye ncha ya kanga, natembea juani kutoka Mtendeni hadi barabara ya stesheni, kumlipia mke mwenzangu mahari yake. Karani anagonga mhuri. "Bado minne, mpagazi." Mwezi unaofuata: "Bado mitatu."

Bado mitatu. Usiku nilikuwa nahesabu kwa vidole. Miezi mitatu na shilingi kumi, na kadi itabadilishwa jina. Lori litakuwa la mume wangu kweli, na kwa kuwa ameshalitoa mbele ya mashahidi, litakuwa la yule mwembamba kweli. Bangili za mama yangu zitakuwa zimemnunulia yeye lori. Ningenyamaza hiyo miezi mitatu, nisingekuwa na neno tena mpaka kufa. Kama ni kumvuta chini, wakati ulikuwa ni huo.

Nilichotaka kitokee nilikiona wazi kichwani. Nitasema dukani. Duka litamkemea mume wangu, litamwambia lori hili si lako, huwezi kumpa mtu. Mume wangu ataaibika, atamnyang'anya yule mwembamba, maandishi yatafutwa, na lori litarudi nyumbani Mtendeni. Nilipanga hivyo, kama vile duka la magari ni shangazi wa kusuluhisha ndoa za watu.

Nilikwenda asubuhi, fedha za mwezi ule nimezifunga. Karani akaanza kama kawaida: "Karibu mpagazi, mzigo mzito leo?"

Nikamwambia, "Mzigo si wangu tena, muulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye lori. Mke mdogo. Ameolewa nalo."

Akacheka sana, akajua ni utani. "Nyie Wanyamwezi! Mnaoana na malori sasa?"

"Ala! Kwani nakutania? Limetolewa mahari. Mwalimu aliandika, mashahidi wapo. Likipita hapa tazama lilivyoandikwa juu ya kioo."

Kicheko kikamkauka. Akavua miwani, akaifuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila utani wowote, "Dada, chukua hizo fedha zako, nenda nyumbani. Mimi sijasikia." Namkumbuka kwa hilo. Yule Mzaramo alitaka kuniokoa.

Lakini tajiri alikuwa amesimama mlango wa nyuma. Alikuwa Mhindi mnene, mpole, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Akauliza, "Mama, ametoa lori langu?" Nami, badala ya kusema nilikuwa natania tu, nikaona hii ndiyo saa yangu. Nikaeleza yote. Mahari, mashahidi, kitambaa cha maua, baba wa Kitete, maandishi. Nilieleza vizuri mno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru. Halafu akamwita dereva wake na fundi, akatoa kwenye sefu ufunguo wa akiba.

"Baba, sasa utamkemea?" nikauliza.

"Kumkemea kwa nini?" akasema. "Karatasi yake imevunjika. Nakwenda kuchukua gari langu."

Nikafungua ncha ya kanga, nikamwaga fedha mezani. "Hizi za mwezi huu. Miwili iliyobaki nitaleta kesho, nitakopa, na shilingi kumi nitatoa sasa hivi, hizi hapa." Akazisogeza zile fedha kurudi kwangu kwa kiganja. Akasema, si kwa ukali, "Mama, ungemaliza kwanza ndipo atoe, nisingekuwa na neno. Lingekuwa lake, angempa hata mbwa. Ametoa likiwa langu. Nikikuachia wewe, kesho kila dereva wa Tabora atatoa sadaka gari langu."

"Na bangili zangu?"

Hakujua habari ya bangili. Karani ndiye aliyeinamisha kichwa. "Zilikuwa kodi," akasema.

Walilikuta stesheni, linapakiwa karanga. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya magunia anakula miwa. Walimwonyesha kadi yenye jina la duka. Akawaonyesha leseni zake. Wakamwambia leseni ni ya kuendesha, si ya kumiliki. Alipiga kelele, askari wa reli akaja, akasoma karatasi, akamwambia, "Shuka, bwana, gari ni la wenyewe." Magunia yakateremshwa moja moja mbele ya wapakizi waliokuwa wakimwita tajiri jana yake. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikaliona linatoka, linapita mbele yangu na kitambaa cha maua kwenye kiti. CHANGU NI CHANGU, likaingia uani kwa Mhindi, geti likafungwa.

Mume wangu alimwendea yule mzee Mwarabu kutafuta msaada, na mimi nilimfuata. Mzee akatikisa kichwa. "Mngechukua fedha zangu wakati ule," akasema, "leo lori lingekuwa la mke mdogo kihalali, hakuna mtu wa kuligusa, na deni langu lingekuwa juu ya nyumba ya mke mkubwa. Mlichagua wenyewe." Akanitazama. "Au ulichagua wewe?" Nikasema, "Mimi, baba." Akasema nilifanya vizuri, nyumba imepona.

Baba wa Kitete akaja juu. Alitaka binti yake aachwe siku hiyo hiyo. Wakaitana mbele ya mwalimu, naye mwalimu akasema ndoa ni sahihi, ila mahari ndiyo iliyoanguka, maana mtu hatoi kisicho chake. Binti anastahili mahari wanayopewa wanawake wa kwao, dada zake na shangazi zake, na hilo ni deni juu ya mume. Mume yupi? Yule aliyekuwa amerudi kwa Mgiriki kuomba kazi yake ya zamani, akapewa kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Kodi ya chumba alichompangia mke mdogo Kitete ikamshinda mwezi wa pili tu. Na yule binti akamwambia baba yake, mbele ya watu, kwamba yeye haachiki, ana mimba ya miezi minne.

Jioni moja mume wangu akasimama mlangoni tena, kama siku ile ya mchele. Akatazama milango ya vyumba vyangu. Nikajua mwenyewe anataka kumleta mke mdogo.

Mke mwenzangu alikuja na masanduku mawili kwenye mkokoteni. Nilimwonyesha chumba cha tatu, kile cha upande wa kisima. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha maua mekundu. Karani wa Kizaramo alikuwa amekitoa kwenye kiti kabla lori halijauzwa, akampelekea. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza bila kunitazama.

"Dada, siku ile ya pilau, ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumdanganya. Ulimi ukakataa. "Nilijua."

"Na watu wanasema kulikuwa na bangili."

"Za mama yangu. Nne."

Akakikunja kitambaa mapajani. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka tayari tangu masanduku yalipoteremshwa. Akasema, "Ungeniambia, dada. Mimi sikuambiwa neno. Ningejua ni bangili za mama yako, ningeomba kanga mbili tu, basi."

Nikatoka nje nikachota maji, ndoo moja, mbili, tatu, pipa likajaa likamwagika.

Mtoto alizaliwa nyumbani kwangu, mikononi mwangu, katika nyumba niliyoikatalia rehani. Lile lori lilinunuliwa na mtu wa Urambo. Likawa linapita Mtendeni kila wiki na tumbaku, na maandishi yake hayakufutwa. Likikaribia tulilijua kwa mlio, mimi na mke mwenzangu, tukiwa uani tunatwanga. Yeye husimamisha mchi, na mimi husimamisha wangu, mpaka lipite.